Mfuko wa Mzee Anayelazwa Hospitali
Kijitabu cha familia za Oldonyo Sambu

Boma lako likiwa mbali na barabara ya Namanga, kitu kilichosahaulika nyumbani hula siku nzima: mtu apande gari kurudi, atembee hadi bomani, kisha ashuke tena Ngaramtoni au mjini Arusha. Ndiyo maana mfuko wa mzee hupangwa kabla hajaugua. Tumia begi moja lenye zipu, na ndani yake weka mifuko mitatu midogo: wa dawa, wa karatasi na wa mwuguzaji, yaani ndugu atakayekaa naye wodini. Vitu vya mzee mwenyewe hupangwa kando yake.

1. Mfuko wa dawa

Huu ndio unaokosewa zaidi. Mara nyingi ndugu humwaga vidonge vyote kwenye kikopo kimoja ili vikae pamoja. Wodini daktari anakuta vidonge vyeupe vya duara vya namna tatu, na hakuna wa kumwambia kipi ni cha presha na kipi ni cha sukari.

Beba:

- Dawa zote ndani ya bahasha au boksi zilimotoka, hata kama kimebaki kidonge kimoja.
- Dawa za maumivu za duka la dawa, kama diklofenaki ambayo wengi huiita diklopa. Wazee wengi huimeza kwa ajili ya magoti bila kuihesabu kuwa dawa, lakini inaweza kuumiza figo na kupandisha presha.
- Matone ya macho, dawa za kuvuta kwa pumzi, na insulini.
- Mizizi au magome yanayochemshwa kwenye supu. Kama huwezi kuyabeba, andika majina yake kwa Kimaasai na siku mzee aliyoyanywa mara ya mwisho.

Insulini iliyokwisha kufunguliwa hukaa takriban wiki nne mahali penye ubaridi wa kawaida. Ifunge kwa kitambaa, usiiache juani kwenye dashibodi ya gari. Isiguse barafu pia, kwa sababu ikiganda imeharibika.

Pamoja na dawa weka karatasi yenye mambo manne kwa kila dawa: jina, miligramu, mara ngapi kwa siku, na mara ya mwisho kumezwa. Kwenye bahasha za zahanati, "1 x 2" maana yake ni kidonge kimoja kutwa mara mbili. Unapoandika saa, ongeza neno asubuhi, mchana au usiku. "Saa 2" pekee, kwa anayesoma saa ya Kizungu, ni saa nane. Juu ya karatasi, kwa herufi kubwa, andika dawa yoyote iliyowahi kumdhuru mzee.

*Mfano.* Tuchukue bibi wa miaka 74. Kila asubuhi humeza amlodipini miligramu 5 ya presha na glibenklamidi miligramu 5 ya sukari. Amelazwa kwa homa na kutapika. Asubuhi ya pili, mke wa mwanawe anaona muda wa dawa umefika, anafungua begi na kumpa zote mbili kama walivyozoea nyumbani. Uji unaletwa, bibi anakataa. Kabla ya mchana anatokwa jasho jembamba, mikono inatetemeka, na anamwita mkwewe kwa jina la mtu mwingine.

Sukari imeshuka. Glibenklamidi huendelea kufanya kazi kwa saa nyingi hata tumbo likiwa tupu, na kwa mzee ambaye figo zake zimechoka hukaa muda mrefu zaidi. Ukiona dalili hizo, mwite muuguzi papo hapo. Kama mzee yuko macho na anameza vizuri, mpe maji yenye sukari wakati muuguzi anakuja. Akiwa amelegea au hajitambui, usimtie chochote mdomoni.

Kwa hiyo shika kanuni hii: dawa za begini ni za kuonyeshwa. Mkabidhi muuguzi siku ya kwanza, au mwonyeshe moja moja. Baada ya hapo mzee humeza kile tu alichoelekezwa na wodi. Huenda dawa ileile imeshatolewa, au daktari ameisimamisha kwa sababu. Usisimamishe dawa kwa kujiamulia pia. Ukiona moja haitolewi tena, uliza.

2. Mfuko wa karatasi

Ziweke kwenye plastiki isiyopitisha maji:

- Barua ya rufaa, kama mzee ametoka zahanati au kituo cha afya.
- Daftari au kadi ya kliniki, majibu ya vipimo na picha za eksirei za zamani.
- Kadi ya bima ya afya.
- Kitambulisho cha taifa, au namba yake imeandikwa.
- Kitambulisho cha matibabu cha mzee, kama anacho.
- Namba za simu za ndugu wawili, kwenye karatasi. Simu ikizima, namba zilizomo huzima nayo.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimhesabu mzee kuwa mwenye miaka 60 na kuendelea, na ilielekeza wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Kama mzee hana bima wala kitambulisho cha matibabu, pitia kwa mtendaji wa kijiji upate barua, kisha mwulizie afisa ustawi wa jamii hospitalini. Hata hivyo beba akiba ya fedha, maana dawa au kifaa kisichokuwepo stoo huenda mkatumwa kukinunua nje.

3. Vitu vya mzee mwenyewe

- Miwani, kifaa cha kusikia na meno bandia, kila kimoja kwenye kopo lenye jina. Mzee asiyeona wala kusikia vizuri huchanganyikiwa haraka usiku katika chumba kigeni.
- Fimbo yake, na viatu vyenye soli inayoshika. Katambuga zilizolika huteleza kwenye sakafu iliyopigwa deki.
- Shuka mbili, blanketi, sweta, beseni, sabuni, mswaki, kikombe na sahani.
- Nepi za watu wazima, kama hawezi kuwahi choo.

Ushanga, heleni na bangili za chuma ziachwe nyumbani, kwa sababu zitavuliwa kabla ya eksirei au upasuaji na hupotea. Kama mzee hunusa ugoro, mwambie muuguzi. Akiukosa ghafla anaweza kukosa utulivu.

4. Mfuko wa mwuguzaji

Achaguliwe anayezijua dawa za mzee na, kama mzee husema Kimaasai tu, anayeweza kumtafsiria. Abebe:

- Simu, chaja na tochi ndogo.
- Daftari na kalamu, aandike alichosema daktari na alichokula mzee. Atakayempokea zamu asome humo.
- Kanga au shuka nzito ya usiku, ndala na sabuni yake.
- Chupa ya chai, chakula chake na nauli ya kurudi.
- Dawa zake mwenyewe, zisichanganywe kamwe na za mzee.

Kabla ya kumpa mzee maziwa, mtori au supu iliyoletwa na wageni, amwulize muuguzi. Anayesubiri upasuaji hatakiwi kuwa na kitu tumboni. Anayeruhusiwa kula akalishwe wima kwanza, asije akapaliwa.

Siku ya kutoka

Karatasi ya zamani ya dawa sasa si sahihi. Keti na muuguzi au mfamasia, ufute zilizosimamishwa na uandike mpya. Zilizosimamishwa zitoe begini siku hiyohiyo, zisimfuate mzee bomani. Kisha rudisha begi mahali pake.