Lori limeibwa pamoja na mzigo wake: barua ya kwanza kwa kampuni ya bima

Mwenye lori la mizigo ya Lamu akipigiwa simu alfajiri kwamba gari halipo, hukimbilia polisi, kisha huiandikia kampuni ya bima. Barua hiyo huandikwa kwa haraka na kwa uchungu. Hata hivyo ndiyo itakayowekwa juu ya faili la madai, na miezi mitatu baadaye wakili wa kampuni ya bima ataisoma neno kwa neno. Nimeona madai mazuri yakikwama kwa sababu ya sentensi moja ambayo mwandishi aliiweka kwa hisia tu, bila kuijua hakika.

Kwanza ujue unamwandikia nani na kwa mkataba upi. Bima ya lazima chini ya Sura ya 405 hulinda watu wengine wanaoumizwa na gari lako. Lori likiibwa hailipi hata shilingi. Anayeweza kudai ni mwenye bima kubwa, au ile ya wahusika wengine pamoja na moto na wizi. Na hata bima kubwa hulipia gari pekee. Mchele, saruji au unga uliomo ndani hulindwa na mkataba mwingine, wa mizigo safarini, ambao wasafirishaji wengi hawana, au walikata miaka iliyopita na hawakumbuki masharti yake. Kwa hiyo barua itaje mikataba yote miwili na nambari zake, hata kama kampuni ni moja. Usipoutaja wa mizigo, utaambiwa baadaye kwamba hukutoa taarifa kwa wakati.

Tuchukue mfano. Lori la tani kumi limetoka Mombasa na mifuko 400 ya mchele, kila mmoja kilo 25, mali ya mwenye duka Amu. Dereva amefika Witu giza limeingia, na kwa hali ya usalama ya barabara ile hakutaka kuendelea usiku. Akaegesha kwenye kituo cha mafuta, akalala nyumba ya wageni. Alfajiri, lori halipo. Barua kwa kampuni ya bima, baada ya nambari za usajili, mikataba na OB kuandikwa juu yake, iwe hivi:

"Kwa Meneja wa Madai.

KUH: WIZI WA LORI LETU NA MZIGO WAKE, WITU, KAUNTI YA LAMU

Tunawaarifu kwamba lori letu lenye usajili na mikataba ya bima iliyotajwa hapo juu, ule wa gari na ule wa mizigo safarini, halijulikani liliko tangu alfajiri ya leo. Lilitoka Mombasa jana saa 3 asubuhi kuelekea gati la Mokowe likiwa na mifuko 400 ya mchele. Saa 2 usiku liliegeshwa Witu, mzigo wote ukiwa bado ndani, katika kituo cha mafuta chenye mlinzi wa usiku, na dereva alilipia maegesho; risiti tunaambatisha. Dereva na utingo walilala nyumba ya wageni iliyo mkabala, ufunguo ukiwa kwa dereva. Ufunguo wa pili uko ofisini kwetu. Saa 11 alfajiri dereva alikuta lori halipo, na saa 11:40 aliripoti kituo cha polisi cha Witu, akapewa nambari ya OB tuliyoiandika hapo juu. Kifaa cha kufuatilia gari kilituma ishara ya mwisho saa 8:15 usiku.

Hatujui nani aliyelichukua wala kwa njia gani. Polisi wanachunguza.

Tunaomba mtuelekeze leo kwa maandishi: fomu na hati mnazozihitaji, jina la mpelelezi mtakayemtuma, kama gharama za kulitafuta lori mtazibeba, na tumjibu nini mwenye mzigo. Mpaka tutakaposikia kutoka kwenu tunaendelea kulitafuta, na hatujakubali dhima yoyote."

Sentensi iliyo nzito kuliko zote ni ile inayosema hatujui nani. Lamu si kaunti ya kawaida kwa mtu wa bima. Mpeketoni ilishambuliwa Juni 2014, mabasi yakashambuliwa Nyongoro Januari 2020, na kwa miaka mingi magari ya barabara ya Garsen hadi Lamu yamekuwa yakisindikizwa na polisi. Kwa sababu hiyo mtu huandika "yamkini ni magaidi" bila kufikiri. Lakini mikataba mingi ya magari na mizigo huondoa hasara ya ugaidi na machafuko ya kisiasa, isipokuwa kama umelipia nyongeza yake. Kwa neno hilo moja umeipa kampuni ya bima sababu ya kukataa, na umeitoa wewe mwenyewe. Vivyo hivyo ukiandika "dereva hapatikani kwa simu, tunamshuku." Mikataba mingi ya mizigo hailipi wizi uliofanywa na mwajiriwa wako.

Sisemi ufiche. Kama dereva ametekwa na watu wenye bunduki waliojitambulisha, andika hivyo hivyo. Kama dereva ametoweka, sema kwamba hajaonekana tangu saa fulani. Kuidanganya kampuni ya bima kunaua dai zima, hata sehemu yake iliyo ya kweli. Andika yaliyoonekana na yaliyosikika, na uwaachie polisi wayape jina. Kisheria, kampuni inayotegemea kifungu cha kukuondolea fidia ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kwamba kifungu hicho kinahusika, na kifungu chenye utata husomwa dhidi ya aliyekiandika, yaani kampuni. Usiifanyie kazi hiyo.

Kwa sababu hiyo hiyo angalia kilichoandikwa polisi. Dereva aliyechoka husimulia hivi na afisa huandika vile. Mwombe asomewe maelezo yake kabla ya kutia sahihi. Wizi wa gari, kifungu cha 278A cha Kanuni ya Adhabu, ni kosa tofauti na unyang'anyi wa mabavu wa kifungu cha 296, na abstrakti ya polisi itakayofuata hubeba jina la kosa lililoandikwa siku ile. Barua yako ikisema wizi na abstrakti ikisema utekaji, utaulizwa ni ipi ya kweli.

Jambo la pili ni lori lilikuwa wapi na mikononi mwa nani. Mikataba huwa na sharti kwamba gari lenye mzigo lisiachwe peke yake, au usiku likae mahali palipolindwa. Ndiyo maana barua imemtaja mlinzi, risiti na funguo zote mbili. Risiti ya maegesho ya shilingi chache inaweza kuokoa mamilioni, dereva aitunze. Siku hiyo hiyo iandikie pia kampuni ya kifaa cha kufuatilia gari ihifadhi kumbukumbu za usiku ule na ikupe nakala, kwani kumbukumbu hizo hazikai milele.

Kwa watu wa visiwani kuna swali jingine ambalo wa bara hawalijui. Mzigo wa Amu, Faza au Kizingitini hauishii kwenye lori. Hupakuliwa Mokowe na kutiwa chomboni. Kama mifuko iliibwa ikiwa imeshashushwa gatini, au imeshapandishwa jahazini, bima ya mizigo ya barabarani huenda imekwisha pale gurudumu liliposimama, labda mkataba wako utaje mkondo wa bahari hadi kisiwani. Bima ya safari ya bahari ina sheria yake, Sura ya 390. Basi barua iseme wazi: mzigo wote ulikuwa bado ndani ya lori.

Mwenye duka naye atapiga simu, na ana haki. Alikukabidhi mali yake ikiwa salama, na sheria humtaka msafirishaji aeleze ilikopotea. Lakini usimwahidi kwamba utamlipa kesho. Mikataba ya bima hukataza kukubali dhima bila idhini ya kampuni, na ahadi yako ya huruma inaweza kukunyima fidia ambayo ingemlipa yeye. Mpe nambari ya OB na nakala ya barua, umwambie dai limefunguliwa.

Kuhusu fedha, jiandae kupata chini ya hasara. Lori hulipwa kwa bei ya soko ya siku lilipoibwa: ulikata bima ya shilingi 4,500,000, na sokoni ni 3,800,000, utahesabiwa 3,800,000. Hapo hutolewa sehemu unayojibebea mwenyewe, ambayo kwa wizi mara nyingi ni asilimia 10 kwa gari lenye kifaa cha kufuatilia, na zaidi kwa lisilo nacho. Mzigo una mtego wake. Mchele ule, kwa shilingi 3,500 mfuko, ni 1,400,000, nawe ulikata bima ya 1,000,000 kwa safari. Ukipotea wote, kikomo ni milioni. Polisi wakiokoa nusu, hasara ni 700,000, na wengi hudhani italipwa yote kwa kuwa iko chini ya milioni. Mkataba ukiwa na kifungu cha wastani, utalipwa tano ya saba tu, yaani 500,000, kwa kuwa ulilipia bima ya sehemu tano kati ya saba za mali. Ukiletewa hati ya kukiri malipo, usitie sahihi kabla ya kuelewa hesabu hiyo. Ikishatiwa sahihi, dai limefungwa.

Kuomba mwongozo hakusimamishi wajibu wako. Kampuni ikinyamaza, endelea kukusanya hati: kitabu cha usajili wa gari, leseni ya dereva, ankara ya mchele, hati ya kukabidhi mzigo, risiti ya malipo ya bima. Hii ya mwisho ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwani kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima, Sura ya 487, hukataza kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea malipo. Kama ulimpa wakala fedha, uwe na risiti ya kampuni.

Watu wa kampuni ya bima nao wana wajibu. Kifungu cha 203 cha sheria hiyo kinawapa siku 90 tangu dai liripotiwe kukubali dhima, kukadiria na kulipa. Hesabu huanza siku ya taarifa, na ndiyo sababu barua ipelekwe kwa barua pepe na nakala nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua kwa Kiswahili inatosha. Katiba, kifungu cha 7, inakifanya lugha rasmi. Wakikukataa, dai sababu kwa maandishi na kifungu cha mkataba wanachokitegemea, kwa kuwa kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa wewe mlaji haki ya kupata taarifa unazozihitaji. Usiporidhika, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, Nairobi. Dai lisilozidi shilingi milioni moja linaweza kusikizwa na Mahakama ya Madai Madogo. Makubwa zaidi huenda mahakama za kawaida, na sheria hukupa miaka sita kwa kesi ya mkataba, ila mkataba wenyewe unaweza kuweka muda mfupi zaidi au kukutaka uende kwanza kwa msuluhishi.

Kabla lori lako halijaondoka tena Mombasa, toa mkataba wa mizigo kabatini na utafute mambo matatu: kikomo cha kila safari, sharti la maegesho ya usiku, na kama umetaja maji kati ya Mokowe na Amu. Ukikosa lolote kati ya hayo, mpigie wakala wako leo.