Kaa Naye Chini: Mwenzi Wako Anaponyamaza Baada ya Matanga

SOMO LA VIKUNDI VYA NYUMBANI
Maandiko: Ayubu 2:11-13, 1 Samweli 1:1-23

Mazishi kwetu yana watu wengi. Kuanzia mwili unapotoka mochari mpaka Jumamosi ya kuzika, boma linajaa: kwaya, majirani, wakwe, kamati. Halafu Jumatatu tenti na viti vya kukodi vinarudi kwa wenyewe, na nyumba inabaki na watu wake. Hapo ndipo wengi huona mwenzi amebadilika. Hasemi. Anakula kidogo. Usiku anageukia ukuta. Na wewe unajiuliza: nimemkosea nini, ama moyo wake umeenda kwingine?

Somo hili ni la huyo anayejiuliza.

1. Soma ukimya kabla hujauhukumu

Tuchukue mfano wa mume na mke wa hapa ziwani. Kaka mkubwa wa mume amezama usiku akivua omena. Mwili umengojwa ufuoni, umepatikana, umezikwa. Wiki mbili baadaye mume amerudi kazini. Asubuhi mashua zikishafika, haji nyumbani mpaka saa sita. Akija anakaa nje, uso kwa ziwa. Mke anajua habari za jaboya, na wanawake sokoni washaanza kumwambia, "Mama, fungua macho."

Kabla hajafungua kinywa, kuna maswali ambayo mke anafaa kujibu mwenyewe kimya kimya. La kwanza: je, amejitenga na mimi tu, ama na kila mtu? Mtu wa msiba huwa mbali hata na rafiki zake, hata na mtoto aliyekuwa akimbeba mabegani. Lakini akiwa anacheka vizuri huko nje na uso unakunjika akifika mlangoni pako, hilo ni jambo lingine. La pili: umbali huu ulianza lini? Kama ulikuwepo kabla ya kifo, usiusingizie msiba. La tatu: anaficha kitu, kama pesa na simu, ama amechoka tu? Maswali haya hayatoi jibu la uhakika, lakini yanakuzuia kushtaki mtu anayelia ndani.

Kwa mume wetu, majibu yalionyesha huzuni. Hata ibada ya vijana aliyokuwa akiipenda aliacha kuhudhuria. Pesa ya omena ilifika nyumbani kama kawaida. Rafiki yake wa mashua alisema, "Hata kwetu haongei."

2. Elkana na maswali manne

Hana alikuwa na uchungu, halii kwa siri tena, hali chakula. Mumewe alimpenda kweli, hata fungu lake la sadaka lilikuwa la pekee. Lakini ukisoma 1 Samweli 1:8 utaona alimmiminia maswali manne kwa mara moja: kwa nini unalia, kwa nini huli, kwa nini moyo una huzuni, na je, mimi si bora kwako kuliko watoto kumi? Hatusomi kwamba Hana alimjibu hata moja. Aliinuka akaenda kumwaga moyo mbele za Bwana.

Angalia swali la nne. Elkana ameuchukua uchungu wa mkewe akaufanya uwe habari yake yeye. Hata sisi tunafanya hivyo. "Mbona huniongeleshi? Kwani mimi si mke wako?" Aliyefiwa sasa ana mizigo miwili: msiba wake, na kukutuliza wewe.

Lakini Elkana alijifunza. Shuka mpaka mstari wa 23. Hana anasema hatapanda Shilo mpaka mtoto aachishwe ziwa, na mumewe anamwachia afanye aonavyo vyema.

Sisi waliookoka tuna njia yetu ya kusukuma: kumwambia mtu amepoa kiroho, ama kukemea roho ya huzuni usiku kucha. Yesu alimlilia Lazaro (Yohana 11:35), na hakuna aliyemkemea. Pia 1 Wakorintho 7:5 isifanywe fimbo ya kumdai mwenzi mwili wake wakati wa msiba. Mtume anazungumzia watu wawili waliopatana.

3. Kukaa bila kusukuma

Marafiki watatu wa Ayubu walifanya jambo jema siku saba tu. Walikaa naye chini, mchana na usiku, bila neno, kwa sababu waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Ayubu mwenyewe ndiye aliyeanza kusema, sura ya 3. Waliharibu walipoanza kumweleza kwa nini ameteseka, na mwishoni Mungu aliwakasirikia (Ayubu 42:7).

Kwa hiyo mke wetu alifanya hivi. Mume akikaa nje, anapeleka chai, halafu anaketi karibu naye na sinia la mchele anauchambua. Mikono ina kazi, macho hayamwangalii usoni. Robo saa, anainuka. Kesho tena. Haulizi "unawaza nini?" Siku ya nne alisema neno moja: "Baba watoto, naona umebeba kitu kizito. Sikuulizi. Ukitaka kusema, hata usiku, niamshe."

Zilipita siku tisa. Ndipo usiku mmoja akasema, "Wazee wameniita mara mbili. Juu ya mke wa marehemu."

Hapo ndipo palikuwa na uzito wote. Walikuwa wakimtaka amrithi shemeji yake kwa mila, naye ameokoka. Alikuwa anaogopa wazee, anamhurumia mjane na watoto wa kaka yake, na hakujua atamwambia mkewe vipi. Kama angeulizwa "ni mwanamke gani?" angefunga mdomo kabisa, maana kweli kulikuwa na jina la mwanamke ndani yake.

Mke hakukatiza. Alisema, "Endelea." Alipomaliza ndipo akauliza swali moja: "Wewe moyo wako unasema nini?" Jumapili walimwendea mchungaji pamoja, na wakakubaliana watawasaidia watoto wa marehemu karo na chakula bila ndoa hiyo.

4. Mipaka

Kukaa kimya si kuvumilia kila kitu. Mwenzi akianza kupiga, usingoje afunguke. Ondoka na watoto mahali salama, umwambie mchungaji na chifu. Namba 1195 hupigwa bure. Akisema afadhali afe, ama akiaga watu na kugawa vitu vyake, usimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Na pombe ikichukua mahali pa chakula, ama miezi ikipita bila yeye kulala wala kufanya kazi, tafuteni daktari pamoja na maombi.

Na wewe pia umefiwa. Wale watoto kumi wa Ayubu walikuwa pia wa mke wake, na hatusomi kwamba kuna aliyekuja kukaa naye. Tafuta dada ama ndugu mmoja mwenye kifua, umwambie yako, ili usiyadai kwa mwenzi aliyeishiwa.

Maswali ya kujadili
1. Katika boma lenu, nani hubaki na wafiwa wiki ya pili baada ya mazishi?
2. Ni swali gani unalopenda kumuuliza mwenzi akinyamaza? Je, ni juu yake ama juu yako?
3. Kanisa lifanye nini mapema kwa familia ambayo mila ya kurithi mjane inaisubiri?

Tuombe: Bwana, tupe kukaa chini na wetu waliovunjika, na utuwekee mlinzi kinywani mpaka waseme wenyewe. Katika jina la Yesu. Amina.