Kifurushi Kimepotea Njiani: Namna ya Kukifuatilia na Kudai Uamuzi wa Fidia

Mkazi wa kaunti, iwapo hununua bidhaa Nairobi au Mombasa na kutumiwa kupitia kampuni ya kusafirisha vifurushi, somo hili ni lako. Kifurushi kinapochelewa, wengi wetu hupiga simu kila siku, huambiwa “tunafuatilia”, na baada ya mwezi huchoka na kunyamaza. Kosa si kupiga simu. Kosa ni kwamba simu hizo huomba mzigo utafutwe, lakini haziombi kampuni iamue chochote. Hapa tunaeleza namna ya kufanya yote mawili: kusaidia mzigo upatikane, na usipopatikana, kupata jibu la maandishi kuhusu fidia.

Tutatumia mfano mmoja. Tuseme fundi wa kushona nguo mjini Voi amenunua vitenge 24 katika duka moja la Eastleigh, Nairobi, kila kimoja kwa shilingi 600. Jumla ni shilingi 14,400. Mwenye duka amevifunga katika gunia jeupe na kulipia usafiri shilingi 350. Jumatatu tarehe 3 Machi amepewa risiti yenye nambari ya kufuatilia KV44719023. Mzigo ulitarajiwa Voi siku iliyofuata. Kufikia Ijumaa tarehe 7 haujafika.

Nani ana haki ya kulalamika?

Aliyefanya mapatano na kampuni ni yule aliyelipa na kupewa risiti. Katika mfano wetu huyo ni mwenye duka, wala si fundi anayesubiri Voi. Kwa hiyo fundi akienda peke yake, karani anaweza kumwambia kwamba mzigo si wake. Jambo hili humalizwa mapema kwa njia rahisi. Mwenye duka aandike mistari miwili, atie sahihi, kwamba amemruhusu mpokeaji afuatilie mzigo na kupokea majibu au malipo. Barua hiyo iambatanishwe na picha ya risiti, pande zote mbili, kwa sababu masharti ya kampuni huchapishwa nyuma. Masharti hayo mara nyingi hutaja pia siku za mwisho za kuwasilisha dai. Zisome kwanza kabla ya kufanya lolote.

Kuisoma safari ya mzigo

Kila mzigo unapopita mkononi mwa kampuni, nambari yake husomwa kwa mashine au huandikwa: unapopokelewa, unapopakiwa garini, unaposhushwa, na unapokabidhiwa mpokeaji. Ingiza nambari yako katika tovuti ya kampuni, au umwombe karani akusomee. Kisha tafuta jambo moja tu: mahali pa mwisho palipoandikwa. Hapo ndipo mzigo ulipoonekana mara ya mwisho, na hapo ndipo utafutaji unapoanzia.

Ikiwa rekodi inaishia kwenye kupokelewa, huenda mzigo haujawahi kuondoka, nao watafutwa katika ghala la ofisi iliyoupokea. Ikiwa inaishia kwenye kupakiwa, kama ilivyo kwa fundi wetu, mambo matatu yawezekana. Kwanza, mzigo uliandikwa kwamba umepakiwa lakini ukaachwa ghalani. Pili, ulishushwa Voi bila nambari yake kusomwa. Tatu, haukushushwa Voi, gari likaendelea nao hadi Mombasa. Hili la tatu husahauliwa mno. Gari la usiku husimama Voi kwa muda mfupi, na gunia lililofunikwa na mizigo ya Mombasa hupitishwa kwa urahisi.

Ikiwa rekodi yasema mzigo umekabidhiwa nawe hujapokea kitu, usibishane kwa maneno. Omba uthibitisho wa makabidhiano: jina, nambari ya kitambulisho au ya simu ya aliyechukua, sahihi, tarehe na saa. Ikionekana kwamba mtu mwingine alichukua mzigo kwa jina lako, au gunia limefika likiwa limefunguliwa, piga ripoti katika kituo cha polisi na upewe nambari ya OB. Utaihitaji katika dai.

Kuhusu saa, kuwa mwangalifu. Rekodi ya fundi yaonyesha mzigo uliondoka Nairobi saa 20:25. Tukisema kwa mdomo, hiyo ni saa mbili na dakika ishirini na tano usiku. Katika barua andika 20:25 kama inavyoonekana. Ukiandika “saa 2:25”, mtu wa ofisini anaweza kutafuta gari la alfajiri.

Mambo ya kumpa anayetafuta

Nambari peke yake haitoshi. Karatasi ya anwani ikibanduka, mzigo huwekwa pamoja na vifurushi visivyojulikana wenyewe, na huko nambari yako haitasaidia tena. Kitakachosaidia ni maelezo ya mzigo wenyewe: gunia jeupe lililoshonwa kwa uzi wa buluu, uzito kama ulivyoandikwa kwenye risiti, ndani mna vitenge 24, na majina yaliyoandikwa kwa kalamu. Picha iliyopigwa kabla ya kufunga ni bora kuliko maelezo yoyote.

Fika katika ofisi iliyo karibu nawe au upige simu siku hiyo hiyo, ueleze hayo, na usiondoke bila nambari ya lalamiko. Andika pia tarehe na jina la aliyekuhudumia. Kisha omba vitu viwili mahususi: waangalie orodha ya mizigo ya gari lililoondoka usiku wa tarehe 3, na ofisi ya Mombasa ikague mizigo iliyopitishwa na isiyo na anwani. Ombi la namna hii laweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana. “Tafadhali nisaidieni” haliwezi.

Barua ya dai

Wiki moja ikipita bila jibu la maana, tuma barua, kwa barua pepe au kwa mkono. Ukiipeleka kwa mkono, beba nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua ya fundi wetu yaweza kuwa hivi:

“Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja. KUH: Kupotea kwa mzigo KV44719023, lalamiko la tarehe 7 Machi.

Mzigo uliotajwa ulipokelewa katika ofisi yenu ya Eastleigh tarehe 3 Machi saa 15:10, kupelekwa Voi. Rekodi yenu ya mwisho ni kuondoka Nairobi siku hiyo saa 20:25. Haujafika Voi. Ni gunia jeupe lenye vitenge 24, na picha imeambatanishwa.

Naomba mnijulishe kwa maandishi kama mzigo ulikuwa katika orodha ya gari hilo, na kama ofisi ya Mombasa imekaguliwa. Ikiwa haujapatikana ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii, naomba uamuzi wenu wa maandishi kuhusu fidia ya shilingi 14,750, yaani thamani ya vitenge shilingi 14,400 na nauli shilingi 350. Mkikataa dai lote au sehemu yake, naomba mtaje sababu na sharti mnalolitegemea.

Nimeambatanisha risiti yenu, risiti ya duka, ujumbe wa malipo ya M-Pesa na idhini ya mtumaji.”

Angalia kwamba barua haina maneno ya hasira. Ina nambari, tarehe, mahali pa mwisho, kiasi kinachodaiwa, na siku ya mwisho. Tena kiasi hicho kina uthibitisho wa kila shilingi. Fundi hakudai faida ambayo angepata kwa kushona nguo hizo. Masharti ya kampuni nyingi huiondoa hasara ya namna hiyo, na ni vigumu kuithibitisha. Kuichanganya na thamani ya mzigo huipa kampuni sababu ya kubishia dai lote.

Kampuni ikijibu kwa kiasi kidogo

Tuseme jibu laja: mtumaji hakutaja thamani ya mzigo, na kwa hiyo, kwa mujibu wa masharti, kampuni italipa shilingi 2,000 tu. Huo ni uamuzi, na sasa kuna jambo la kujadili. Angalia risiti. Je, kuna nafasi ya thamani, nayo imeachwa wazi? Je, karani aliuliza? Je, sharti hilo lilionyeshwa kabla ya malipo, au lilichapishwa nyuma ya karatasi iliyotolewa baada ya kulipa? Majibu yakiwa upande wako, yaandike na uombe uamuzi ufikiriwe upya. Ikiwa mtumaji aliandika thamani ndogo ili apunguziwe gharama, ni vigumu kudai zaidi ya alichoandika mwenyewe.

Usitie sahihi fomu inayosema umepokea malipo kamili na ya mwisho ikiwa hujaridhika. Sahihi hiyo inaweza kulifunga dai.

Ukikataliwa au usipojibiwa

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa au huduma. Kuna njia mbili za kuendelea.

Njia ya kwanza ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo ndiyo hutoa leseni kwa kampuni za posta na za kusafirisha vifurushi. Peleka lalamiko baada ya kuanza na kampuni yenyewe, ukiambatanisha barua yako, nambari ya lalamiko na jibu lolote ulilopata. Tovuti ya Mamlaka ni www.ca.go.ke.

Njia ya pili ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Uliza katika ofisi ya mahakama iliyo karibu nawe ni wapi unapaswa kufungua dai. Karatasi utakazohitaji ni zile zile ulizokwisha kuambatanisha katika barua.

Njia zote mbili zategemea risiti. Mzigo uliokabidhiwa kondakta wa matatu kwa ahadi ya mdomo hauna nambari, hauna rekodi, na ni vigumu hata kuthibitisha kwamba ulipokelewa. Kwa hiyo unapotuma mzigo mwingine, fanya mambo matatu pale kaunta: piga picha ya vilivyomo, mwambie karani aandike thamani halisi kwenye risiti, na uandike jina na simu ya mpokeaji ndani ya gunia na nje yake. Karatasi ya nje ikibanduka, ile ya ndani ndiyo itakayousemea mzigo wako.