SOMO LA MAKATIBU: KUTAFUTA KIWANGO CHA MWEZI KUTOKANA NA KIWANGO CHA MWAKA



Vyama vingi vya msingi hupata mapato ya kila mwezi yasiyotokana na mazao: kodi ya ghala, kodi ya vyumba vya duka, au malipo ya mashine ya kusaga iliyokodishwa. Mara kwa mara mpangaji huja na pendekezo la kulipa fedha zote kwa mkupuo, zikiwa pungufu kidogo, badala ya kulipa mwezi kwa mwezi. Halmashauri hulazimika kuamua iwapo mkupuo huo unatosha. Somo hili lahusu hatua moja tu ya uamuzi huo, hatua ambayo huharibu hesabu nyingi zinazoletwa kwa ukaguzi: kugeuza kiwango cha punguzo cha mwaka kuwa kiwango cha mwezi.

1. Mfano tutakaoutumia

Tuseme chama kimepangisha ghala lake kwa miezi 24. Kodi ni shilingi 400,000 kila mwisho wa mwezi, yaani jumla ya shilingi 9,600,000 kwa muda wote. Mpangaji asema yu tayari kulipa shilingi 8,050,000 leo hii, na deni la kodi liishe.

Chama hicho hukopa fedha za pembejeo kila msimu. Kwa kila shilingi 100 zinazokopwa, hurudisha shilingi 118 baada ya mwaka mmoja, kwa malipo ya mara moja. Kwa hiyo shilingi iliyopo mkononi leo yakiokolea chama mkopo wa asilimia 18 kwa mwaka, na hicho ndicho kiwango cha punguzo kinachofaa kupima kodi za baadaye. Swali ni hili: kodi 24 za shilingi 400,000 zina thamani gani leo?

2. Kosa la kugawanya kwa 12

Katibu mwenye haraka husema: asilimia 18 ikigawanywa kwa miezi 12 ni asilimia 1.5 kwa mwezi. Hesabu hiyo yaonekana safi, lakini na tuipime. Weka shilingi 100 zikue kwa asilimia 1.5 kila mwezi. Mwisho wa mwezi wa kwanza ni shilingi 101.50. Mwezi wa pili riba haihesabiwi juu ya 100 bali juu ya 101.50, nazo huwa shilingi 103.02. Ukiendelea hivyo hadi mwezi wa kumi na mbili utapata shilingi 119.56, wala si 118.

Maana yake ni kwamba asilimia 1.5 kwa mwezi ni sawa na asilimia 19.56 kwa mwaka. Katibu amekusudia kupima kwa asilimia 18, lakini amepima kwa kiwango kikubwa zaidi. Na kiwango cha punguzo kikiwa kikubwa, thamani ya leo ya fedha za baadaye hupungua. Basi kosa hili daima huifanya kodi ya chama ionekane ya bei nafuu kuliko ilivyo, na anayenufaika ni yule anayetaka kuinunua.

3. Njia sahihi

Kiwango cha mwezi tunachokitafuta ni kile ambacho, kikirudiwa mara 12 kwa kuzidisha, kitaifikisha shilingi 1 kwenye shilingi 1.18. Tukikiita kiwango hicho k, basi:

(1 + k)^12 = 1.18

Hivyo 1 + k ni kipeuo cha kumi na mbili cha 1.18. Mwenye kompyuta au simu yenye jedwali la hesabu huandika hivi katika kisanduku kimoja:

```
=1.18^(1/12)-1
```

Jibu ni 0.0138884, yaani asilimia 1.38884 kwa mwezi.

Asiye na jedwali hilo asikate tamaa. Mashine ndogo ya hesabu yenye kitufe cha kipeuo cha pili yatosha, kwa kuwa 12 ni 2 mara 2 mara 3. Andika 1.18, bonyeza kitufe cha kipeuo cha pili, utapata 1.086278. Bonyeza tena, utapata 1.0422466. Hicho ni kiwango cha miezi mitatu. Sasa imebaki kutafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu italeta 1.0422466, na hii twaipata kwa kujaribu.

Jaribu 1.0139: zao la 1.0139 × 1.0139 × 1.0139 ni 1.0422823, limezidi kidogo. Jaribu 1.0138: zao ni 1.0419739, limepungua. Kwa hiyo jibu limo kati ya namba hizo mbili, karibu zaidi na ile ya kwanza. Majaribio machache zaidi yatakufikisha kwenye 1.0138884.

Usikizungushe kiwango hiki mapema. Katibu akiandika asilimia 1.4 badala ya 1.38884, katika mfano wetu thamani ya kodi itapungua kwa zaidi ya shilingi 10,000. Hifadhi tarakimu zote hadi mwisho, kisha zungusha shilingi.

4. Thamani ya kodi leo

Kodi ya mwezi wa kwanza hugawanywa kwa 1.0138884 mara moja, ya mwezi wa pili mara mbili, na kuendelea hadi ya 24. Kwa kuwa kodi zote ni sawa, yako njia ya mkato. Kwanza, tafuta thamani ya leo ya shilingi 1 itakayopatikana baada ya miezi 24. Miezi 24 ni miaka miwili, nayo 1.18 × 1.18 ni 1.3924, kwa hiyo thamani hiyo ni 1 ÷ 1.3924, yaani 0.718184. Pili, iondoe katika 1, hubaki 0.281816. Tatu, gawanya kwa kiwango cha mwezi:

0.281816 ÷ 0.0138884 = 20.2914

Namba hii yasema kwamba kodi 24 za mwisho wa mwezi zina thamani ya kodi 20.2914 zilizo mkononi leo. Ukizidisha kwa shilingi 400,000 wapata shilingi 8,116,560.

Mpangaji anatoa shilingi 8,050,000. Pendekezo lake limepungua kwa shilingi 66,560, na chama kisilikubali mpaka aongeze. Lakini yule katibu aliyetumia asilimia 1.5 angepata namba 20.0304, na thamani ya shilingi 8,012,160. Angeiambia Halmashauri kwamba chama kinapata faida ya karibu shilingi 38,000, na mkataba ungetiwa sahihi. Hesabu moja ndogo imegeuza "hapana" kuwa "ndiyo".

Wako pia wanaojumlisha kodi za mwaka mzima, shilingi 4,800,000, na kuzihesabu kana kwamba zinapokewa zote kwa pamoja mwisho wa mwaka. Hao hupata shilingi 7,515,082 tu. Wamesahau kwamba kodi ya mwezi wa kwanza huingia miezi kumi na mmoja kabla ya mwaka kwisha, na kwa muda wote huo yaweza kufanya kazi.

5. Namna ya kuihakikisha hesabu

Halmashauri isiikubali hesabu kwa kuitazama tu. Ukaguzi wake ni rahisi. Fungua ukurasa wa daftari, andika salio la kuanzia shilingi 8,116,560. Kila mwezi ongeza riba ya 0.0138884 ya salio, kisha toa kodi ya 400,000. Mwezi wa kwanza riba ni 112,726, na salio baada ya kutoa kodi ni 7,829,286. Mwezi wa pili riba ni 108,736, na salio ni 7,538,022. Ukiendelea kwa uangalifu, baada ya mwezi wa 24 salio litakuwa sifuri, au litatofautiana na sifuri kwa shilingi chache tu kwa sababu ya kuzungusha. Likibaki salio kubwa, au likiisha kabla ya wakati, kuna kosa katika kiwango au katika idadi ya miezi.

6. Mambo mawili ya kuuliza kabla ya kuanza

La kwanza: kiwango cha mwaka kilichotajwa ni cha namna gani? Njia ya kipeuo ni sahihi pale kiwango kinapokuwa ni cha mwaka mzima kwa kweli, kama mkopo wetu wa 100 kurudi 118 kwa mara moja. Lakini mkopeshaji akisema "asilimia 18 kwa mwaka, inayohesabiwa kila mwezi juu ya salio", maana ya maneno yake ni asilimia 1.5 kila mwezi. Hapo kugawanya kwa 12 ndiko sahihi, na gharama yake ya kweli kwa mwaka ni asilimia 19.56. Vivyo hivyo, chama cha akiba na mikopo kinachotoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua hutoza asilimia 12.68 kwa mwaka, si 12. Basi soma mkataba wa mkopo kabla ya kushika mashine ya hesabu. Swali la kumwuliza mkopeshaji ni moja: nikichukua shilingi 100 leo na nisilipe chochote hadi mwaka uishe, nitadaiwa ngapi?

La pili: kodi hulipwa mwisho wa mwezi au mwanzo? Ikilipwa mwanzo wa mwezi, kila malipo huingia mwezi mmoja mapema, kwa hiyo namba 20.2914 huzidishwa kwa 1.0138884 na kuwa 20.5732. Thamani ya kodi zetu ingekuwa shilingi 8,229,280. Tofauti hii, zaidi ya shilingi 112,000, ni kubwa kuliko lile kosa la kugawanya kwa 12. Kwa hiyo tarehe ya malipo iandikwe waziwazi juu ya karatasi ya hesabu.

Ieleweke pia kwamba hesabu hii huchukulia kuwa mpangaji atalipa kila mwezi bila kukosa. Ikiwa historia yake katika daftari la chama ni ya kuchelewa, Halmashauri yaweza kukubali mkupuo mdogo zaidi. Lakini punguzo hilo liandikwe peke yake katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na sababu yake. Lisifichwe ndani ya kiwango cha mwezi.

Zoezi

Chama kinapokea kodi ya duka shilingi 250,000 kila mwisho wa mwezi, kwa miezi 12. Kiwango cha punguzo ni asilimia 12 kwa mwaka mzima. Tafuta kiwango cha mwezi na thamani ya kodi hizo leo. (Jibu: kipeuo cha pili mara mbili huleta 1.028737, kiwango cha mwezi ni asilimia 0.94888, thamani ni karibu shilingi 2,822,900. Aliyepata shilingi 2,813,775 amegawanya kwa 12.)