Maradhi yasiyo na kijidudu

Tumezoea kuwa kifaa kikipita kwenye spiriti ni salama. Mwaka 1974 huko Zurich, Uswisi, madaktari walitia vijiwaya vya kupimia ndani ya ubongo wa mama mmoja, aliyekuja kugundulika kuwa na Creutzfeldt-Jakob, maradhi yanayotoboatoboa ubongo. Vikasafishwa kwa spiriti na mvuke wa fomalini, kisha vikatumika kwa vijana wawili wenye kifafa. Wote wawili wakapata maradhi yale yale. Zaidi ya miaka miwili baadaye vijiwaya hivyo vikatiwa kwa sokwe, naye akaugua.

Kumbe hapakuwa na kijidudu cha kuuawa. Bakteria hugawanyika, virusi hubeba vinasaba. Prioni ni protini tu, ile ile ya mwili, ila imejikunja vibaya. Ikigusana na nzima huikunja vivyo hivyo. Mwili huiona ni yake, kwa hiyo homa hakuna. Fomalini ndiyo kwanza huikaza.

Amiloidi inayorundikana katika maradhi ya Alzaima nayo ni protini iliyojikunja vibaya. Lakini kumwogesha au kumlisha mgonjwa, wa Alzaima au wa Creutzfeldt-Jakob, hakuambukizi.