Somo la Wiki: Kusoma Matokeo ya Miaka Mingi

Kwa wanafunzi na wazazi

Msamiati wa leo

mwelekeo – upande ambao mambo yanaelekea kadiri miaka inavyopita
asilimia – sehemu katika kila mia
daraja – kiwango anachopewa mtahiniwa, kwa mfano daraja la 4 au la 7
mtahiniwa – mtu anayefanya mtihani
kurudia mtihani – kuufanya tena baada ya kukosa daraja linalotakiwa

Somo

Kila Agosti matokeo ya GCSE yanapotoka hapa Uingereza, habari huja na namba moja: yamepanda au yameshuka. Mwaka 2023 habari ilikuwa kwamba yameshuka sana. Mwaka 2022, katika kila matokeo 100, yaliyofika daraja la 4 au zaidi yalikuwa 73.2. Mwaka 2023 yakawa 68.2. Mzazi akisikia hivyo tu, atadhani watoto wa mwaka ule walizembea.

Sasa tuziweke namba za miaka kadhaa pamoja. Hizi ni asilimia za daraja la 4 na kuendelea, kwa Uingereza, Welisi na Ireland ya Kaskazini pamoja:

2018 – 66.9
2019 – 67.3
2020 – 76.3
2021 – 77.1
2022 – 73.2
2023 – 68.2
2024 – 67.6
2025 – 67.4

Zisome polepole kutoka juu hadi chini. Utaona kilima: namba zinaruka mwaka 2020, zinafika kileleni 2021, kisha zinateremka mpaka karibu na zilipoanzia. Kumbe cha ajabu si mwaka 2023. Cha kuuliza ni nini kilitokea 2020.

Kilichotokea ni korona. Mwaka 2020 na 2021 mitihani ya kiangazi ilifutwa, na madaraja yakatokana na tathmini ya walimu. Mwaka 2022 mitihani ilirudi, lakini Ofqual, taasisi inayosimamia mitihani Uingereza, iliamua madaraja yawe katikati ya yale ya 2019 na 2021. Mwaka 2023 Uingereza ilirudi karibu na kipimo cha zamani. Welisi na Ireland ya Kaskazini zilifuata 2024. Kwa hiyo kilichobadilika zaidi ni kipimo, si watoto. Ukitaka kulinganisha, linganisha miaka iliyotumia kipimo kimoja: 2019 ni 67.3 na 2025 ni 67.4. Karibu hakuna tofauti.

Tuangalie pia nani amehesabiwa. Kutoka 2024 hadi 2025 namba ilishuka kidogo, kutoka 67.6 hadi 67.4. Lakini ukiwachukua watahiniwa wa miaka 16 wa Uingereza peke yao, ilipanda kutoka 70.4 hadi 70.5. Mambo haya mawili yanawezekanaje? Namba ya kwanza inawajumuisha pia wenye miaka 17 na zaidi, na wengi wao wanarudia Kiingereza au hisabati. Idadi yao ilipoongezeka, namba ya jumla ilivutwa chini, ingawa wa miaka 16 hawakurudi nyuma.

Nyumbani, jambo hili linawagusa ndugu. Tuseme dada alimaliza 2021 akapata daraja la 7 la hisabati, na mdogo wake akapata la 6 mwaka 2023. Ni rahisi kumwambia mdogo, "Mbona dada yako alipata 7?" Lakini mwaka 2021, katika matokeo 100 ya masomo yote, karibu 29 yalifika daraja la 7 au zaidi; mwaka 2023 yalikuwa 22. Hawakupimwa kwa kipimo kimoja. Wala namba hizi haziwezi kutuambia kila mmoja angepata nini katika mwaka wa mwenzake. Kumjua mtoto mwenyewe, yaweke pamoja majaribio yake ya somo hilo hilo kwa mihula kadhaa, na uulize kama yalikuwa ya ugumu unaolingana.

Zoezi

1. Chora grafu ya namba nane za juu. Paka rangi nyingine kwenye miaka ambayo kipimo kilikuwa tofauti.
2. Chagua miaka miwili tu ya kuandikia kichwa cha habari "Matokeo yapanda". Kisha chagua mingine miwili ya "Matokeo yaporomoka". Vichwa vyote viwili viwe na namba za kweli.
3. Msomee baba, mama au bibi vichwa hivyo, kisha mwonyeshe grafu na umweleze kwa Kiswahili kila kichwa kimeficha nini.

Jibu mojawapo la swali la 2: kutoka 2019 hadi 2023 yamepanda kwa 0.9, kutoka 2021 hadi 2025 yameshuka kwa 9.7. Leteni grafu zenu darasani Jumamosi.