Mshahara wa Mafungu Mawili: Je, Jumla Inatimia?

Mtumishi anapolipwa kwa mafungu mawili, mafungu hayo yakijumlishwa yalingane na mshahara halisi ulioandikwa chini ya hati ya mshahara. Kwanza atazame makato: fungu la kwanza likiwa limeandikwa humo kama malipo ya awali, kiasi cha chini ni fungu la pili tu.

Mfano: malipo ya awali hayamo kwenye makato, na mshahara halisi ni sh. 516,000. Tarehe 15 alipokea sh. 200,000, mwisho wa mwezi sh. 300,000. Pungufu ni sh. 16,000. Kwenye hati, makato ya ushirika wa akiba na mikopo ni sh. 16,000 vilevile. Huenda yamekatwa mara mbili. Amwonyeshe mhasibu hati na taarifa ya benki.